Barua Iliyokataa Kutaja Jina

Barua ninayotaka kuihakiki ina kurasa mbili. Imeandikwa na mtunza nyaraka wa nyumba moja ya makumbusho huko Ulaya, kumjibu mwenzangu niliyefundisha naye chuo cha ualimu. Mwenzangu ana picha ya zamani ya mwanamke aliyeketi kitini, amevaa kanga, mkono ameuegemeza mezani. Imebandikwa kwenye kadi ya sentimita 11 kwa 16 na nusu, na chini limechapwa jina la studio ya Gomes ya Unguja. Jina la mwanamke halipo. Upande mmoja wa ukoo unasema ndiye aliyemzaa bibi yao. Wa pili unashikilia kuwa ni dada yake mtu. Si ubishi wa barazani tu, kwani wanaandaa kitabu cha ukoo, na yule atakayekosa picha hii hana nyingine.

Makumbusho ina picha ya studio hiyo hiyo, ya mwanamke anayefanana naye mno, nayo pia haina jina. Mwenzangu akaomba athibitishiwe kuwa ni mtu mmoja. Akakataliwa.

Kukataa kwenyewe kumeandikwa vizuri kuliko barua nyingi za kukubali nilizopata kusoma. Mwandishi hajifichi nyuma ya kanuni za ofisi. Anasema wazi kuwa kufanana hakutoshi, hasa pale wanaobishaniwa ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba jina likishaingia katika orodha ya makumbusho hunakiliwa kitabu hadi kitabu, wala hakuna tena anayeuliza lilitoka wapi.

Anatahadharisha pia juu ya mavazi, na hapo mfano wake ni mzuri. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866. Lakini picha yake mashuhuri akiwa na mavazi ya kwao ilipigwa Hamburg, Ujerumani. Nguo, basi, haikutajii mahali. Haikutajii hata mali ya mtu, maana studio nyingine ziliwaazima wateja mapambo.

Badala ya uso, anashauri mwenzangu atazame kiti. Studio ilikuwa na viti vichache na pazia moja au mawili yaliyochorwa, navyo vilitumika miaka mingi mpaka vikachakaa. Ukipata picha nyingine yenye kiti kile kile, iliyoandikwa tarehe na mwenyewe, umepata kipindi. Yeye mwenyewe ameambatisha nakala ya picha kama hiyo, nyuma ina wino wa mwaka 1908: kiti ni kile, na ufa wa mguu wa meza ni ule ule. Halafu anaongeza jambo ambalo mtu mwenye haraka angeliruka, kwamba kadi za posta zina mtego. Muhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa, na picha yenyewe yaweza kuwa imepigwa miaka mingi kabla, kwa kuwa studio iliendelea kuchapa kutoka bamba la kioo la zamani.

Hata hivyo mwaka 1908 dada wote wawili walikuwa hai. Kiti kimetoa kipindi, hakikutoa mtu.

Ushauri wa nyuma ya picha nao ni wa mtu anayeijua kazi. Picha ilikuwa imegandishwa katika albamu. Asiibandue wala asiilowanishe. Na ikiwa imeshabanduka, aishike karibu na taa inayomulika kutoka ubavuni, kwa sababu penseli iliyofutika huacha mfereji kwenye karatasi, na mwanga wa pembeni huutia kivuli.

Kosa la barua hii ni mpangilio. Wazee wa ukoo wametajwa mwisho kabisa, kwa mstari mmoja: waulize. Kiti kitangoja miaka mingine mia. Shangazi wa miaka 91 hatangoja. Tena hasemi waulizwe vipi. Mwalimu yeyote anajua kuwa swali lenye jibu ndani yake halipimi kitu. Ukimwendea mzee na picha moja ukamwuliza, “Huyu si fulani?”, atakuitikia kwa adabu, nawe utaandika adabu yake kama ushahidi.

Nilimshauri mwenzangu achanganye picha tano za wanawake wa zama zile, asitaje jina lolote, wala asimwache mjukuu yeyote chumbani wa kumsaidia bibi kujibu. Shangazi alizipitia pole pole. Kwenye ile ya kiti alisimama, akaisogeza dirishani, akataja jina. Halikuwa la mama wala la dada. Lilikuwa la mke mwenza, ambaye hakuna upande wa ukoo uliokuwa umempangia ukurasa.

Mwenzangu hakuandika kitu juu ya picha. Alichukua karatasi nyingine, akaandika jina lile, aliyelisema, umri wake na tarehe, kisha akaweka alama ya kuuliza. Nakala ameipeleka makumbusho.