Mkasi wa Kiganjani

Filamu ya Tangerine ya Sean Baker ilipotoka mwaka 2015, sifa zilikwenda kwa kamera. Watu walistaajabu kwamba iPhone 5s imeweza kupiga picha zikafaa kuonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema. Kilichopita bila kutajwa sana ni kwamba picha zile zilihamishiwa kwenye kompyuta, na huko ndiko zilikogeuka kuwa filamu. Tangu hapo tumezoea kuisifu simu kwa jicho lake na kuinyima sifa ya mkono. Anayehariri kwa simu tunamwona kama mtu aliyekwama njiani, anayesubiri siku atakayopata laptopu ndipo aanze kazi yenyewe. Mimi naona ni ufundi uliokamilika, wenye nidhamu yake, na nidhamu hiyo inazaliwa na jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa kasoro kuu ya simu: uhaba wa nafasi. Mwenye kompyuta hupiga kwanza, akaamua baadaye. Mwenye simu hulazimika kuamua mapema, na kuamua ndiyo kazi ya mhariri.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hoja yote imesimama hapo. Simu ya GB 64 haikupi GB 64. Mfumo wake, programu na picha za makundi ya WhatsApp hula sehemu kubwa, na si ajabu mwenyewe akajikuta amebakiwa na GB 10. Video ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde, katika simu nyingi za Android, huchukua takriban MB 130 kwa dakika. Ya 4K huchukua karibu mara tatu ya hapo. Kwa hiyo GB 10 zile ni kama dakika 75 za 1080p, au chini ya nusu saa ya 4K, na hata hapo hujaacha nafasi ya kuhariria. Programu ya kuhariri nayo inataka mahali pa kuweka vipande vyake vya muda na pa kuandikia video iliyokamilika. Video ikikwama karibu na mwisho wakati wa kutolewa, kabla ya kuilaumu programu tazama nafasi iliyobaki. Ikiwa nafasi ipo, toa nusu ya kwanza peke yake, kisha nusu ya pili. Nusu inayogoma ndiyo yenye klipu mbovu. Kwa kazi zinazotazamwa kwenye simu, 1080p inatosha, na anayepiga 4K kwenye simu ya GB 64 anajinyima dakika kwa ajili ya ubora ambao mtazamaji wake hatauona.

Chukulia video ya dakika 3 kuhusu mkulima wa mwani wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwani hushughulikiwa maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua; wanawake huingia shambani, hufunga vipande vya mwani kwa taitai kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, na maji yakianza kujaa hutoka. Mpiga picha ana saa chache tu, na akikosa kitu atasubiri bamvua lijalo, kama wiki mbili. Tuseme amerudi na dakika 45, yaani karibu GB 6. Kazi ya kwanza haihitaji programu yoyote zaidi ya ghala la picha la simu yenyewe. Anatazama kila klipu mara moja mpaka mwisho, anaweka alama ya kupenda kwenye zinazofaa, na klipu ndefu yenye sekunde 10 nzuri anaikata palepale, anaihifadhi kama nakala mpya, anaithibitisha, kisha anafuta ya asili. Hafuti ovyo. Swali la kujiuliza mbele ya kila klipu ni hili: je, nitaweza kuipiga tena kabla ya bamvua? Mandhari ya ufuo, mlango wa nyumba na mwani ulioanikwa juani vinaweza kupigwa kesho. Mikono ndani ya maji haiwezi. Ya kesho hufutwa bila huruma, ya bamvua hubaki mpaka kazi iishe.

Akimaliza, dakika 45 zimekuwa 12, lakini akitazama nafasi atakuta haijaongezeka. Hapa wengi huchanganyikiwa. Simu za sasa hazifuti kitu papo hapo; hukiweka kwenye pipa la taka la ghala la picha, mara nyingi kwa siku 30, na muda wote huo kinaendelea kula nafasi. Pipa lazima limwagwe kwa makusudi. Baada ya hapo zile dakika 12 hazichukui zaidi ya GB 1.6, na simu inapumua. Kuna hatari nyingine inayofanana na hii. Programu nyingi za kuhariri hazinakili klipu ndani yake. Hukumbuka tu zilipo kwenye simu. Ukifuta au kuhamisha klipu katikati ya kazi, mradi unabaki na matundu meusi. Tena, kwenye mipangilio ya simu, kufuta kache ya programu hakudhuru kazi, ila kufuta data yake kunaondoka na miradi yote. Maneno hayo mawili hukaa jirani kwenye skrini moja, na kidole kikikosea hakuna wa kukurudishia.

Uhariri wenyewe, kwa mtazamo wangu, uanze na sikio. Kioo cha inchi sita hakina nafasi ya kutandaza kazi nzima, na ukianza na picha utapotea kwenye vipande vidogo usivyoweza hata kuvishika kwa kidole. Lakini sauti haijali ukubwa wa kioo. Weka mahojiano ya mama wa mwani yote kwenye mstari wa chini, vaa visikilizio, usiangalie picha. Kata maswali, kata marudio, panga upya mpaka dakika zake 9 ziwe 2 zinazoeleweka hata kwa mtu aliyefumba macho. Acha pumzi kidogo kabla ya kila mkato, maana sentensi iliyokatwa kwenye pumzi husikika kama mtu aliyezibwa mdomo. Hapo ndipo picha za mikono na kamba huwekwa juu yake, kwenye tabaka la pili, kufunika kila mahali palipokatwa. Dakika moja iliyobaki ni ya maji, ya taitai ikikazwa, ya wanawake wakiitana. Rangi na maandishi huja mwisho kabisa, na maandishi yasishushwe mno, kwa kuwa mitandao ya video fupi huweka majina na vitufe vyake sehemu ya chini ya kioo.

Kuhusu programu, mjadala huwa mrefu kuliko faida yake. CapCut ina vingi, KineMaster ni kongwe na ina matabaka mazuri ila toleo la bure huacha alama yake kwenye video, VN ni nyepesi na haiachi alama. Aliye tayari kulipa ana LumaFusion. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: washa hali ya ndege, kisha jaribu kufanya kazi nzima kuanzia kuingiza klipu mpaka kutoa video. Kinachogoma bila intaneti si chako. Umeazimwa, na kinaweza kuondolewa. Januari 2025 CapCut ilizimika Marekani pamoja na TikTok, na watu waliokuwa na miradi ndani yake walilala nayo wakaamka hawaifikii. Ikarudi baadaye, lakini somo la kifundi limebaki. Mradi ulio ndani ya programu usiuhesabu kuwa hifadhi. Kila kazi ikikamilika, toa nakala mbili: moja ya kurusha, na nyingine safi isiyo na maandishi wala muziki. Hiyo ya pili ndiyo utakayoikata tena mwaka ujao, hata kama programu uliyoitumia haipo tena.

Zipo hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Wanasema kioo cha simu kinadanganya rangi. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya udanganyifu huo ni ya kuzimwa. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye hali ya rangi kali. Ziko nyingine zinazoongeza umanjano jioni ili kupumzisha macho, na karibu zote hubadilisha mwanga zenyewe. Chagua rangi za asili, zima mengine, weka mwanga katikati, ndipo uguse rangi ya video. Wenye iPhone 12 na kuendelea wazime pia HDR wakati wa kupiga, la sivyo video inaweza kuonekana imepauka au imewaka mno kwenye simu ya mwingine. Baada ya hayo, itazame kazi kwenye simu ya bei rahisi uwezayo kuipata, juani. Huko ndiko itakakotazamwa. Hapa mwenye kompyuta hana faida aliyoidhania, maana kioo chake kikubwa humwonyesha mambo madogo ambayo mtazamaji wa kiganjani hatayaona kamwe, naye huweka maandishi madogo yasiyosomeka.

Hoja nzito zaidi ni ya joto na urefu. Simu haina feni. Ikipata moto hupunguza kasi yake yenyewe, na kutoa video ya dakika 20 huku imechomekwa chaji ndani ya kava ni kuitafutia kukwama. Vua kava, chomoa chaji, usifunge kioo wala kufungua programu nyingine. Sauti iliyorekodiwa kwa simu ya pili nayo ina mtego: simu hazishiki fremu 30 kamili kila sekunde, kwa hiyo mdomo na sauti vinavyolingana mwanzoni vinaweza kuachana polepole. Piga kofi mwanzo na mwisho wa mahojiano, ulinganishe yote mawili, na ikiwa la mwisho limepishana, kata sauti vipande vifupi na usawazishe kila kimoja. Kwa dakika 9 hilo linafanyika. Kwa filamu ya saa moja na nusu yenye mahojiano kumi ni adhabu, na sitamshauri mtu aifanye kwa simu. Simu ina mpaka wake, na mpaka huo, kwa kadiri ninavyoona, uko mahali fulani karibu na dakika 15 au 20 za kazi iliyokamilika.

Ndani ya mpaka huo kinachokosekana ni ghala tu, na ghala ni flashi na kichwa cha OTG. Ifomati kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ukituma kwa WhatsApp badala yake, tuma kama hati, si kama video, maana ikienda kama video hubanwa na ubora hupotea. Na kabla hujafuta zile klipu za bamvua kwenye simu, ifungue nakala iliyo kwenye flashi, uitazame mpaka sekunde ya mwisho, kwa sababu faili linaweza kuonyesha jina na ukubwa wake na bado lisifunguke.