Kilicho Chini ya Kigae

Nyumba nyingi za kupangisha Kisauni, Likoni na Changamwe hukarabatiwa kwa maneno ya mdomo. Mwenye nyumba hufika na fundi, wakasimama mlangoni mwa bafu, mmoja akaonyesha kwa kidole, mwenzake akatikisa kichwa, bei ikatajwa, wakaagana kwa heri. Wote wawili wana nia safi. Ila "nitengenezee bafu" kwa mwenye nyumba ni bafu lisilovuja tena, na kwa fundi ni vigae vipya. Tofauti hiyo hutokeza miezi mitatu baadaye, kwenye dari la jirani wa chini.

Mimi naupenda waraka wa kazi, zile kurasa mbili tatu ambazo mwenye nyumba humwandikia fundi kabla ya nyundo ya kwanza, kwa namna wengine wanavyopenda barua iliyoandikwa vizuri. Ni uandishi mgumu. Kila sentensi yake yapaswa kuthibitishwa kwa futi ya kupimia, kwa ndoo ya maji au kwa risiti, na isiyothibitika kwa mojawapo ya hivyo naifuta. Ukiwapa waraka mmoja mafundi wawili wasiojuana, mmoja wa Kongowea na mwingine wa Magongo, wakarudi na bei zinazokaribiana, basi umeandika. Mmoja akisema sitini elfu na mwingine laki moja na nusu, kila mmoja amesoma kazi yake mwenyewe.

Tuichukue nyumba moja ya Mwandoni, Kisauni: chumba kimoja na sebule, ghorofa ya kwanza, kodi shilingi 16,000 kwa mwezi. Mpangaji anahama mwisho wa mwezi. Jiko limechakaa, bafu lina harufu ya unyevu, na aliye chini anasema dari lake lina doa pembeni, linalokua.

Kabla ya kuandika neno, doa hilo lipate jawabu. Maji huingia kwenye zege kwa njia tatu: bomba linaloleta maji, bomba linalotoa maji machafu, au sakafu yenyewe. Kuzitenganisha hakuhitaji mtambo. Usiku ambao maji ya mfereji yapo, funga mifereji yote ya nyumba, fungua koki kuu, soma mita, uisome tena alfajiri. Kama namba imesogea na hakuna aliyetumia maji, bomba linaloleta maji linavuja mahali. Isiposogea, ziba tundu la kutolea maji kwa tambara na mfuko wa plastiki, mwaga maji sakafuni yafike kina cha vidole viwili, uyaache hadi kesho yake. Doa likilowa upya, sakafu ndiyo mkosaji. Likibaki kavu, zibua tundu, maji yashuke kwa kishindo, utazame tena: sasa unaushuku muungano wa bomba la kutolea. Hapa Mwandoni mita ilitulia, na doa likalowa wakati tundu bado limezibwa. Basi kazi yetu ni sakafu, na waraka utaanzia hapo.

Bara ya Mombasa ina adui mwingine ambaye waraka wa Nairobi hautamtaja. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na siku yasipokuja watu hutumia ya kisima, ambayo sehemu nyingi yana chumvi. Chumvi hula mabomba ya chuma kwa ndani hadi yanabaki kama kaka la yai. Chumvi hiyo hiyo, ikiingia kwenye plasta kupitia mchanga wa baharini au maji ya kuchanganyia, huchanua ukutani kama unga mweupe na kuibambua rangi, ukipaka mara mbili, ukipaka mara tatu. Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, na jiwe hilo hunyonya maji. Kwa hiyo sentensi mbili zisizopendeza machoni zinaingia mapema: mabomba yote ya maji safi ya bafu na jiko yabadilishwe kuwa ya PPR, saruji yote ichanganywe kwa mchanga wa mto na maji baridi, ya kisima yasitumike. Sentensi ya pili ikikosekana, fundi atachota yaliyo karibu, na wala hujamkataza.

Sehemu ya sakafu ndiyo niipendayo zaidi, maana ndiyo isiyoonekana kazi ikiisha. Kwa nyumba yetu inasomeka hivi:

"Ng'oa vigae vyote vya sakafu na kuta za bafu hadi kwenye zege na mawe. Weka tundu jipya la kutolea maji, lenye mtego wa maji wa milimita 50. Mwaga sakafu mpya inayoteremka kutoka mlangoni hadi kwenye tundu, sentimita 2 kwa kila mita. Ikikauka, paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikata wa kwanza, ipande ukutani sentimita 15 kote, na hadi mita 1.8 palipo na shawa. Ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita 3, yakae saa 24. Kigae kisiwekwe kabla mwenye nyumba hajalitazama dari la chini na kutia sahihi."

Kila kipimo pale kina sababu. Kutoka mlangoni hadi kwenye tundu ni mita 1.8, hivyo mlangoni sakafu itakuwa juu kwa sentimita tatu na nusu hivi. Ukipunguza sana mteremko, maji ya sabuni hulala pembeni na grauti huoza. Ukizidisha, ndoo huserereka na mzee huteleza. Mtego wa milimita 50 ni maji yanayobaki ndani ya bomba kuizuia harufu ya shimo isipande. Dawa hupakwa kwa kukatana ili vitundu vilivyoachwa na brashi mara ya kwanza vizibwe na ya pili. Na hiyo saa 24 ndiyo roho ya waraka wote. Fundi mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole wa watu wa pwani, "Mama, siku nzima tutazame maji tu?" Ndiyo, fundi, siku nzima. Kuirudia dawa kabla ya kigae ni kazi ya mchana mmoja. Kuirudia baada ya kigae ni kulivunja bafu zima.

Vigae vyenyewe huandikwa kwa hesabu fupi. Bafu ni mita 1.5 kwa 2.1, sakafu mita 3.15 za mraba. Mzunguko wa kuta ni mita 7.2, toa mlango wa mita 0.7, zidisha kwa kimo cha mita 2.1, upate 13.65. Jumla ni karibu 16.8, ongeza sehemu moja ya kumi ya vitakavyokatwa na kuvunjika, na unaagiza mita 18.5. Andika pia kwamba katoni zote ziwe na namba moja ya rangi, maana vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana weupe, na ukutani macho huona.

Jiko halina mengi. Kaunta ya mita 2.4 iwe ya zege juu ya kuta fupi, kwa kuwa kabati za ubao wa chenga hufura kwa unyevunyevu wa pwani na milango yake kuning'inia. Sinki la stenlesi, vigae kimo cha sentimita 60 juu ya kaunta, soketi mbili zisizokaa juu ya sinki. Basi.

Yanayoachwa nje yapewe aya yao. Shimo la choo halimo. Milango ya vyumba haimo. Dari la jirani limo: kulipaka rangi likishakauka, kwa gharama ya mwenye nyumba, kwa sababu maji yaliyoliharibu yametoka kwake. Aya hii huzuia ugomvi mwingi kuliko zote, na ndiyo watu huiruka.

Bajeti naifunga kwenye kodi. Kwa nyumba hii nimeweka 112,000, yaani kodi ya miezi saba, na singependa kupita hapo kwa jiko na bafu la chumba kimoja. Vifaa vya bafu 38,000, vya jiko 28,000, ufundi 34,000, akiba 12,000. Akiba haiguswi ila kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, unaosema kimeonekana nini baada ya kubomoa na kitagharimu kiasi gani. Vifaa nanunua mwenyewe kwa orodha ya fundi, ili bei ya duka isichanganyike na ya mikono. Ila lazima iandikwe nani analipa usafiri. Kwa nyumba ya Likoni mstari huu una uzito wake: mtu kwa miguu huvuka feri bure, lakini gari la saruji na vigae hulipa na hupanga foleni, au lizunguke Dongo Kundu. Asiyeuandika atausikia siku mzigo ukifika.

Malipo ya ufundi hayafuati siku, yanafuata vinavyoonekana. Siku ya kuanza 6,000, kwa kuwa fundi ana wasaidizi wanaokula kila jioni na kumnyima hiyo ni dhuluma. Mabomba yakijaribiwa bila kuvuja, 8,000. Dari la chini likibaki kavu baada ya saa 24, 8,000. Kazi ikikabidhiwa, 8,000. Zilizobaki 4,000 hulipwa mpangaji mpya akishatumia bafu mwezi mmoja. Miradi mikubwa huzuia fungu la malipo kwa desturi hiyo hiyo; nyumba ndogo inastahili kinga ile ile, na fundi anastahili kujua tangu mwanzo kwamba ipo.

Muda ndio unaonipa raha ya kupanga. Bafu lina siku nyingi za kungoja: sakafu ikauke, dawa ikauke, maji yalale, gundi ya vigae ikamate siku nzima kabla ya grauti. Ukiandika bafu kwanza na jiko baadaye, utahitaji karibu mwezi. Ukiziingiza kazi za jiko ndani ya siku ambazo bafu linakauka, wiki tatu zinatosha, na mafundi hawakai bure. Mwezi mmoja wa nyumba tupu hapa ni shilingi 16,000, zaidi ya akiba yote. Masika ya Aprili na Mei ongeza siku, kwa sababu hewa ikilowa dawa haikauki kwa saa zilizoandikwa koponi. Ramadhani, andika saa za kazi ziishie mchana, ukubaliane nazo kwa moyo mmoja, au uanze baada ya Idd.

Nawe mwenye nyumba, usingoje ufunguo. Mwombe mpangaji akuruhusu uingie na futi yako wiki mbili kabla hajahama, na umuulize maji hulala wapi na harufu huja saa ngapi. Nyumba ikikaa tupu doa hukauka, na aliyekuwa akilijua atakuwa amekwishahamia Mtopanga.