Chokaa ya Saa Sita Usiku

Februari ikikolea Dar es Salaam, mfugaji wa kuku wa mayai huanza kuona nyufa kwenye trei, na haraka yake ya kwanza ni kuongeza chokaa kwenye chakula. Wiki mbili zinapita, mayai bado yanavunjika, na kuku wanakula kidogo kuliko mwanzo. Chokaa anayoongeza mara nyingi ni ya unga, na inaliwa asubuhi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomwangusha, na ili kuona sababu yake ni lazima tulifuate yai moja kwa saa.

Tumchukue kuku aliyetaga saa mbili asubuhi. Baada ya kama nusu saa, kiini kingine kilichokomaa kinachomoka kwenye ovari. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto, na mrija mmoja wa mayai. Mdomo wa mrija unakidaka kiini, na kama kuna jogoo, ni hapo mbegu inapokutana nacho. Saa tatu asubuhi kiini kimeshaingia kwenye sehemu ndefu ya mrija, nacho kinavikwa ute mweupe kwa takribani saa tatu. Saa sita mchana kinapita sehemu nyembamba inayokivisha tando mbili, zile ngozi tunazozibandua kwenye yai la kuchemsha. Saa saba na robo kinaingia kwenye mfuko wa ganda, na humo kitakaa kama saa ishirini.

Kwa hiyo kati ya saa ishirini na tano hivi za kutengeneza yai, sehemu ndogo tu ni ya ute na tando. Zinazobaki ni za ganda. Hesabu hii pia inaeleza kwa nini kuku huyu kesho hatataga saa mbili bali saa tatu na robo, keshokutwa baadaye zaidi, hadi ifike siku asiyotaga kabisa kisha aanze upya asubuhi na mapema. Ni kawaida yake. Wapo wanaomhesabu kuku wa namna hiyo kuwa mvivu na kumpeleka sokoni bure.

Saa za mwanzo ndani ya mfuko, yai hufyonza maji na kuvimba, na ganda huanza polepole. Kazi kubwa inashika kasi jua likizama na kuendelea hadi karibu na alfajiri. Mwishoni kabisa hupakwa rangi ya kahawia, kwa kuku wa aina hiyo, na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda.

Yai la gramu 60 lina ganda la gramu tano na nusu hadi sita, karibu lote kalsiamu kaboneti. Kalsiamu yenyewe humo ni kama gramu mbili na ushee. Damu yote ya kuku kwa wakati wowote ina kalsiamu ndogo mno ukilinganisha na hiyo, sehemu ndogo ya gramu moja tu, kwa hiyo usiku kucha inabidi ijazwe upya kila baada ya dakika chache. Itoke wapi, na kuku amelala? Sehemu hutoka kwenye matumbo, kama bado kuna kitu. Inayopungua huchotwa kwenye mfupa wa akiba, ule mfupa laini ambao mtetea huujenga ndani ya mifupa ya miguu kama wiki mbili kabla ya kuanza kutaga.

Chokaa ya unga iliyoliwa asubuhi hupita haraka, na ikifika saa sita usiku haipo tena. Chembe zenye ukubwa wa milimita mbili hadi nne, ziwe za mawe ya chokaa au za makombe ya chaza yaliyopondwa, hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka kidogo kidogo gizani, wakati ganda linapozihitaji. Mchanganyiko wa unga na chembe unafaa, lakini kwa kuku aliyekomaa chembe ziwe nyingi zaidi. Ukinunua, chota chakula kwa mkono na ukichekeche. Kama hakuna chembe inayobaki juu ya chekeche, umejua.

Sasa tulipigie hesabu banda la kuku 300. Chakula kina kalsiamu asilimia 3.6. Wakati wa ubaridi kila kuku anakula gramu 115, yaani anapata kalsiamu gramu 4.1. Joto la Februari likishika, anakula gramu 95, anapata gramu 3.4. Chakula ni kilekile, gunia ni lilelile, lakini kuku amepungukiwa gramu 0.7 kila siku, huku akifyonza karibu nusu tu ya anachokula. Chokaa nzuri ina kalsiamu kama asilimia 38, kwa hiyo pengo linazibwa na gramu mbili hivi za chembe kwa kuku, au gramu 600 kwa banda zima. Zinyunyizwe juu ya chakula saa kumi jioni, zisichanganywe kwenye gunia. Ukiongeza unga mwingi kwenye gunia, chakula kinakuwa kama vumbi, kuku wanakisusa, na pengo linakuwa kubwa zaidi.

Lakini joto lina hila ya pili ambayo chokaa haiiwezi. Kuku hatoki jasho. Hupoa kwa kutweta. Kila anapotweta hutoa hewa ya kaboni dioksaidi nyingi kuliko kawaida, na kaboneti ya ganda hutengenezwa kutokana na hewa hiyohiyo iliyo kwenye damu. Kuku aliyetweta mchana kutwa anaweza kuwa na kalsiamu ya kutosha tumboni na bado akatoa ganda jembamba. Kwake dawa ni kivuli, paa lililoinuliwa, upepo unaopita usawa wa kuku, na maji ya baridi. Tangi jeusi lililoanikwa juani linaharibu mayai kuliko chakula kibovu.

Mwanga pia una kazi. Kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na wafugaji huongeza taa hadi mwanga ufike saa kumi na sita. Ukiongeza jioni badala ya alfajiri tu, kuku anapata nafasi ya kula tena hewa ikiwa imepoa, karibu zaidi na saa za kazi.

Kujua kama umefanikiwa, usitegemee kuhesabu nyufa peke yake, maana nyufa huletwa pia na viota visivyo na matandiko na mikono ya haraka. Pima mayai kumi, yavunje, osha maganda, yaanike yakauke, kisha yapime pamoja. Yakiwa na uzito wa asilimia tisa hadi kumi ya mayai yote, ganda liko sawa. Yakishuka chini ya asilimia nane, una tatizo la kweli. Rudia baada ya wiki moja. Kwa kuku wazee usishangae: yai linakuwa kubwa huku chokaa inayowekwa ikibaki karibu ileile, kwa hiyo inatandazwa nyembamba.

Na kama maganda yana mikunjo, ute umekuwa majimaji na kuku wanakoroma, acha chembe zako na mwite daktari wa mifugo. Ugonjwa wa njia ya hewa unaoitwa bronkitisi hushambulia na mrija wa mayai, na mtetea aliyeupata akiwa kifaranga anaweza asitage vizuri maisha yake yote, hata ukimlisha chaza za bahari nzima.