Tachi Nzito Haiponywi kwa Settings

Shemeji yangu anauza samaki Feri. Simu yake ilibandikwa protekta ya kioo ya milimita 0.33, ikabandikwa vizuri, bila vumbi wala kapovu. Ila tachi ikawa nzito. Badala ya kuibandua, fundi aliingia Settings, akawasha Touch sensitivity, akamrudishia simu ikiwa nyepesi kama mpya. Hapo ndipo alipoharibu.

Uzito ule ulikuwa ukimwambia kitu. Protekta yenyewe ina gundi pembeni tu, katikati imebaki hewa. Gundi ya pembeni nimeipigia kelele miaka yote na sijachoka. Tachi hupima badiliko dogo la umeme pale kidole kinapokaribia nyaya zisizoonekana chini ya kioo, na hewa hupitisha athari hiyo vibaya kuliko kioo, kama mara 7 hivi. Kwa hiyo hewa ya milimita 0.1 ni sawa na kuongeza kioo cha milimita 0.7, yaani protekta mbili zaidi juu ya ile moja.

Kuwasha Touch sensitivity hakuiondoi hewa hiyo. Kunaifanya simu ikubali ishara dhaifu kuwa ni mguso. Kwa glavu kavu inafaa, lakini huyu mikono yake ina maji ya chumvi kutwa nzima. Tone lililokaa peke yake juu ya kioo halijaungana na mwili, na simu nyingi hulipuuza. Likigusana na kidole linakuwa sehemu ya kidole. Kingo zake dhaifu, ambazo simu ingezikataa, sasa zinaingia.

Nilifungua Developer options nikawasha Pointer location. Kidole kimoja kikavu: P: 1 / 1. Nikakichovya kwenye ndoo ya samaki, nikabonyeza 5: P: 3 / 3, na mstari ukaruka mpaka kwenye 8. Ndivyo alivyokosea namba ya siri mara mbili, mteja amesimama na samaki mkononi.

Mnaikumbuka Nokia 5800 ya 2008: tachi yake ilikuwa tabaka mbili zinazogusana ukizibonyeza, glavu na maji havikuisumbua. Lumia 920 ya 2012 ilitoka kiwandani ikipokea glavu, kwa tachi ya Synaptics iliyoundwa kwa kazi hiyo. Waliifanya kwenye chombo chenyewe, hawakuwasha kitu baada ya kuharibu.

Nilizima Touch sensitivity, nikabandua, nikaweka protekta yenye gundi kioo kizima. Ndoo ile ile, kidole kile kile: P: 1 / 1. Maji yakitanda kioo chote bado tachi inapotea, basi shemeji anakipangusa kwa kanga kwanza, ndipo anaingiza namba.