Ufundi wa Kugawa Zamu za Prosesa

Tuchukue prosesa moja ndogo inayoendesha mota, yenye kazi tatu. Ya kwanza husoma kasi kila milisekunde 4 na hula milisekunde 1. Ya pili hurekebisha umeme kila milisekunde 6 na hula 2. Ya tatu hutuma taarifa kila milisekunde 8, nayo hula 2. Kila kazi iishe kabla zamu yake nyingine haijaingia. Mwaka 1973 Liu na Layland walichambua njia mbili za kuzipanga. Moja huipa kipaumbele cha kudumu kazi inayorudi upesi zaidi. Nyingine hutanguliza kila mara ile ambayo makataa yake yako karibu zaidi. Uzuri wa ufundi wao ni kwamba hesabu ya mistari miwili hutosha kuanzia: gawanya muda wa kila kazi kwa mzunguko wake, kisha jumlisha.

```
1/4 + 2/6 + 2/8 = 0.833
3 × (2^(1/3) − 1) = 0.780
```

Kwa njia ya makataa, mradi jumla haizidi 1, hachelewi mtu. Kwa vipaumbele vya kudumu kikomo cha kazi tatu ni 0.780, nasi tumekipita. Wengi huishia hapo wakidhani mpango umeshindikana, kumbe kipimo hiki kikikubali kinatoa dhamana, lakini kikikataa hakijaamua kitu. Fuata saa tangu kazi zote zinapoingia pamoja, maana hakuna hali mbaya kuliko hiyo: kasi inasomwa hadi 1, umeme hadi 3, taarifa inapata milisekunde moja, kasi inarudi saa 4, na taarifa inaisha saa 6, mbili kabla ya makataa yake.

Sasa taarifa ile ihitaji milisekunde 3. Jumla inakuwa 0.958. Saa 6 kazi ya umeme inarudi na kushika prosesa hadi 8, taarifa ikiwa imepata 2 tu kati ya 3: imechelewa. Kwa njia ya makataa, saa 4 usomaji mpya wa kasi una makataa ya 8 sawa na taarifa, hivyo taarifa inaendelea, inaisha saa 6, na kasi inasomwa hadi 7. Prosesa ni ileile.

Watetezi wa vipaumbele vya kudumu husema kazi zikizidi uwezo, wao wanajua atakayeumia. Ni kweli: kazi ya umeme ikivimba kufikia 3, kasi bado itasomwa kwa wakati na taarifa ndiyo itakayokwama, ilhali kwa makataa ucheleweshaji waweza kumwangukia yeyote. Lakini kinga hiyo humfuata anayerudi upesi, si aliye muhimu. Kazi ya tatu ingekuwa kukagua kama mota imepata moto na kuizima, ndiyo hasa ambayo ingeachwa nyuma.