Mshale Mmoja Umeharibu Jedwali la Mahindi

Jedwali la marudio ya uchumi linalozunguka kwa kidato cha sita hapa Ushetu mmeliona, na wengi mmeshalinakili. Mstari wa kipato na ule wa bidhaa mbadala imekaa sawa. Mstari wa mahindi umekosewa, na haukupaswa kukosewa, maana grafu yenyewe ilikuwa mbele ya mwandishi.

Ni soko la mahindi baada ya ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/2023, ile iliyoshusha mfuko wa DAP wa kilo 50 hadi shilingi 70,000. Gharama ya kulima imepungua, mkunjo wa ugavi umetoka S1 kwenda S2, kulia. Mkunjo wa mahitaji ni mmoja tu, D. Hakuna D2, hesabuni wenyewe. Maelezo ya chini yanasema bei ilishuka, watu wakanunua zaidi. Kwenye hilo "wakanunua zaidi" ndipo kalamu ilipoteleza, na jedwali likaandika: "mahitaji yamehama kulia."

Hayakuhama. Walaji ni walewale, kipato kilekile, bei ya mchele ileile. Wameteremka juu ya D wakiifuata bei. Kilichoongezeka ni kiasi kinachohitajiwa.

Mwenye shaka apige hesabu kwa tarakimu za mfano, bei ya gunia ikiwa P kwa maelfu ya shilingi. Wanunuzi wanataka magunia 100 − P, wakulima wanaleta P − 20. Bei inatulia kwenye 60, magunia 40. Ruzuku ikiufanya ugavi uwe P, bei inakuwa 50 na magunia 50. Sasa tulitii jedwali, mahitaji yawe 120 − P: bei inarudi palepale, 60! Na kisanduku cha bei kwenye jedwali hilohilo kinasema imeshuka.

Vitini vya namna hii nimevipigia kelele miaka mingi. Mwalimu wangu wa kidato cha tano alikuwa na chaki mbili: nyeupe kwa mkunjo unaohama, njano kwa mshale unaotembea juu ya mkunjo uliotulia. Bei ya bidhaa yenyewe alitukataza kabisa kuiandika kwenye safu ya chanzo. Kwa chaki zile, kosa hili lisingepita.

Mstari usomeke hivi: chanzo: ruzuku ya mbolea; mkunjo uliohama: ugavi, kulia; mwendo juu ya D: kushuka; bei: chini; kiasi: juu. Na kama msimu huohuo wanunuzi wapya wamefika na malori yao, huo ni mstari wa pili wenye chanzo chake. Mikunjo yote miwili ikihama kulia, kiasi kinapanda bila shaka, lakini kisanduku cha bei kiachwe wazi mpaka ijulikane upi umehama zaidi.