Nywele za shaba, ukingo wa jua

Picha ilipigwa Forodhani, Unguja, ambako jua huzama upande wa bahari. Mwanamitindo amelipa jua kisogo, nywele zake nyeusi zimefumuliwa, na pembeni mwa kichwa umejitokeza ukingo wa dhahabu unaowaka. Tangazo lilitaka nywele za rangi ya shaba. Ukingo ulitakiwa ubaki kama jua lilivyouacha.

Wengi wangeanza kwa kumwaga shaba juu ya nywele kwenye Photoshop, kisha kuweka tabaka hilo katika hali ya Color. Hali hiyo huchukua rangi ya tabaka la juu na kuacha mwangaza wa chini ulivyo, na hapo ndipo inapoharibu mara mbili. Kiini cha nywele katika picha hii kilikuwa 38, 30, 27, yaani karibu na giza tupu. Ukikitia shaba ya 184, 92, 46 kwa Color unapata takriban 65, 22, 0: mwangaza uleule, wekundu wa damu ya mzee, na mteja atakuuliza shaba iko wapi. Ukingo nao, uliokuwa 246, 214, 168, unageuka takriban 255, 206, 182. Kijani kimeshuka, bluu imepanda, na dhahabu ya magharibi imekuwa waridi. Sehemu zilizoungua kabisa hadi nyeupe hazibadiliki, hivyo kunabaki uzi mweupe uliozungukwa na utepe wa waridi. Ukiona utepe huo kwenye bango lolote la rangi ya nywele, ujue kazi ilifanywa hivyo.

Sababu ya kuuacha ukingo ulivyo imo ndani ya unywele wenyewe. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake walichapisha kielelezo cha jinsi nywele zinavyotawanya mwanga. Sehemu ya mwanga hudunda kwenye magamba ya juu bila kuingia ndani, kwa hiyo huondoka na rangi ya taa au jua. Sehemu nyingine hupenya, ikachujwa na rangi ya ndani, kisha ikatokea upande wa pili. Unywele mweusi humeza karibu yote inayopenya. Kwa hiyo ukingo wa picha hii ni mdundo wa juu tu. Ni mali ya jua, na rangi ya saluni haiwezi kuubadilisha.

Aliyeihariri picha alitumia tabaka la Curves. Katika chaneli nyekundu aliinua 38 hadi 96, kijani akakipandisha kutoka 30 hadi 42, bluu hakuigusa. Ncha ya juu ya kila mstari iliachwa 255, ndiyo maana badiliko ni kubwa gizani na hufifia lenyewe kadiri mwanga unavyopanda. Shaba ikaonekana, kwa kuwa sasa mwangaza nao umeongezeka.

Hata hivyo kufifia huko hakukutosha. Alifungua Layer Style, akaenda kwenye Blend If, akachagua Gray, na kwenye Underlying Layer akapasua kitelezi cheupe kwa kushikilia Alt (Option kwenye Mac). Nusu moja aliiweka 110, nyingine 190. Chini ya 110 rangi mpya inafanya kazi yote. Kutoka hapo inapungua taratibu. Juu ya 190 haipo. Mwangaza wa ukingo ni kama 218, kwa hiyo ulibaki salama. Asingepasua kitelezi, mpaka ungekatika kama karatasi iliyochanwa.

Hapa kuna faida ambayo naona inapuuzwa: anga la nyuma nalo lilikuwa angavu, hivyo vitelezi vilevile vililinda mianya kati ya nywele zilizotawanyika, na barakoa ilichorwa kwa brashi pana bila kufuata unywele mmoja mmoja. Studio yenye pazia jeusi haitakupa bahati hiyo. Pale rangi itamwagikia pazia, na barakoa ya makini haiepukiki. Angalia pia kwamba Blend If hupima kilichopo chini ya tabaka. Ukiongeza marekebisho ya mwangaza chini yake baadaye, namba 110 na 190 hazina maana tena.

Kuhakiki ni rahisi. Weka alama ya kupimia kwenye ukingo, fungua Info, zima na washa tabaka. Namba za ukingo zisisogee. Kisha kuza hadi 300% utazame ukanda wa kati: ukiwa wa kijivu, teremsho limeanza mapema mno, sogeza 110 juu; ukiwa waridi, shusha 190.

Njia hii inafaa kwa shaba, kahawia na wekundu mzito. Nywele nyeusi kuzifanya za manjano mpauko haitaweza, kwa kuwa nywele za namna hiyo hupitisha mwanga, na jua likiwa nyuma huwaka kwa upana zaidi na kwa rangi yao wenyewe. Ukingo mwembamba wa nywele nyeusi ungeumbua kazi mara moja. Mteja akitaka hivyo, mvalishe mwanamitindo wigi, mrudi Forodhani jioni.